Saini iliyoskaniwa inabaki na ukingo mweupe

*"Nimeskani saini yangu ya kalamu ya bluu, nikafuta weupe kwa Fuzzy Select ya GIMP. Kwenye ukurasa mweupe inapendeza, ila nikiiweka juu ya jedwali lenye rangi inazungukwa na ukingo mweupe, na mikia myembamba ya herufi imekatika. Nakosea wapi?"*

Kosa liko kwenye kifaa ulichochagua. Vuta picha mpaka uone pikseli moja moja: kati ya wino na karatasi kuna pikseli za bluu iliyofifia, nusu wino nusu karatasi. Fuzzy Select ama inaichukua pikseli ama inaiacha. Zile ilizoziacha ndizo ukingo wako mweupe, na zile ilizozifuta ndizo mikia iliyokatika. Kinachotakiwa ni kuondoa weupe uliomo ndani ya kila pikseli, kwa kiasi chake.

Skani upya kwa rangi, nukta 600 kwa inchi, uhifadhi kama PNG. JPEG huacha vumbi la kijivu kandokando ya mistari. Kata picha karibu na saini, kisha fungua `Colors > Levels` uvute pembetatu nyeupe kuelekea kushoto mpaka karatasi iwe nyeupe kabisa, yaani 255. Hatua hii wengi huiruka. Karatasi ikibaki kwenye 238, macho yako yataiona nyeupe, lakini itabaki na utando wa karibu asilimia 7, nao utajitokeza kama kivuli cha mstatili juu ya hati.

Sasa nenda `Colors > Color to Alpha`, rangi iwe nyeupe. Ukingo utatoweka na mikia itabaki mizima.

Ila wino nao utapauka, kwa sababu bluu ya kalamu haijakolea kama nyeusi na programu huihesabu kuwa na weupe kidogo. Tumia `Layer > Duplicate Layer`, kisha `Layer > Merge Down`. Sehemu iliyokuwa imeziba kwa asilimia 70 inafika 91. Mara moja hutosha; ukirudia sana, kingo zinakuwa na meno.

Kabla ya kuhifadhi, weka tabaka la rangi nzito chini ya saini. Chembe za vumbi na mabaki yote yataonekana hapo, uyafute kwa kifutio. (Mimi hutumia kijani kikali; kinaumiza macho lakini hakifichi kitu.) Ondoa tabaka hilo, kisha `File > Export As`, PNG tena, kwani JPEG haihifadhi uwazi.

Kama ulisaini juu ya mstari uliochapwa, usihangaike kuutoa: saini upya kwenye karatasi tupu. Na usimtumie mtu hati ya Word yenye picha hiyo, maana ataitoa humo na kubaki nayo. PDF nayo haimzuii anayejua, ila picha ya hati nzima, saini ikiwa imeshaungana na maandishi, humpa kazi zaidi.