Maharagwe bila kumaliza makaa

"Mimi niko Lamu, maharagwe ya nazi yananimalizia makaa. Nifanyeje?"

Dada, yaroweke usiku, uyamwage maji yale asubuhi. Usiyaache mpaka mchana, kwa joto letu yatatoa povu na kuchacha. Tia maji mapya, funika, yatokote kwa nguvu dakika kumi na tano. Maharagwe mekundu yasipotokota hivyo yanaumiza tumbo, kwa hiyo hapo usibane makaa.

Halafu epua bila kufunua. Weka sufuria ndani ya kapu lenye blanketi kuukuu, lifunike juu na kando, uache saa mbili au tatu yaendelee kuiva kwa joto lake. Makaa yaliyobaki injika chai. Ukifunua, sufuria iwe bado ya moto wa kuunguza. Ikiwa vuguvugu tu, rudisha jikoni itokote tena. Kikombe kimoja cha maharagwe hakishiki joto, sufuria iwe karibu kujaa. Tui litie mwisho, lichemke kidogo.

Kuna msomaji aliyekushauri utie magadi. Hajakosea sana, yanalainisha, ila ladha hubadilika. Mimi ningeangalia maji kwanza. Ya kisima chenye chumvichumvi hukawiza maharagwe kuiva. Ya jabia ni bora. Yakibaki magumu hata hivyo, huenda ni ya zamani dukani.

Na yule aliyeuliza apikeje muhogo kwa makaa machache: ukate vipande vidogo, ufunike, basi. Hauhitaji kapu.