Kulinganisha mavuno kwa ekari msimu hadi msimu: unganisha mvua na siku ya kupanda

Swali: "Nina daftari la mvua ya kila siku, tarehe za kupanda na uzito wa mahindi niliyovuna misimu kadhaa. Naviunganishaje vyote nione msimu upi ulizaa zaidi kwa ekari, na kwa nini?"

Mkuu, anza na kilo, mvua ifuate. Mahindi ya unyevu wa asilimia 20 na ya asilimia 14 hayalinganishwi yalivyo, kwa sababu sehemu ya ule uzito ni maji. Yashushe yote kwenye unyevu mmoja, 13.5 unatosha:

```
kilo sahihi = kilo × (100 − unyevu) / 86.5
```

Tuseme kipande K1 kina ekari 0.75. Msimu wa kwanza kilitoa kilo 1,200 kwa unyevu wa 20, msimu wa pili kilo 1,080 kwa unyevu wa 14. Ukigawa hivyo hivyo kwa ekari unapata 1,600 dhidi ya 1,440, na utaona msimu wa kwanza umeshinda kwa mbali. Ukisharekebisha zinabaki kama 1,480 na 1,432. Pengo la kilo 160 limeshuka hadi 48. Kama ulipima kwa awamu, rekebisha kila awamu kwa unyevu wake kabla ya kujumlisha. Ondoa uzito wa magunia matupu, na usichanganye mahindi yaliyopukuchuliwa na ya magunzi.

Sasa shiti zenyewe. Ziwe tatu: mvua (tarehe, milimita), upandaji (kipande, msimu, tarehe ya kupanda, ekari) na mavuno. Mavuno na upandaji viungane kwa kipande pamoja na msimu, mfano K1-2024A. Jina la kipande peke yake litavuta mavuno ya mwaka mwingine. Jumlisha mavuno kwanza, ubaki na mstari mmoja kwa kila kipande na msimu, ndipo uunganishe. Ukiunganisha awamu sita za kupima na siku 31 za mvua moja kwa moja, kila awamu itajirudia mara 31. Dalili yake ni jumla ya kilo kuwa kubwa kuliko ya daftari, kwa hiyo linganisha jumla kabla na baada ya kuunganisha.

Mvua ndipo wengi wanapopotea. Wanachukua jumla ya mwezi wa tatu hadi wa tano, wakati mmea unahesabu siku zake tangu ulipopandwa. Mahindi huumia zaidi yakikosa maji wakati wa kutoa mbelewele na ndevu. Kwa mbegu inayotoa ndevu karibu siku ya 65, dirisha la kuangalia ni siku ya 50 hadi ya 80. Mbegu ya muda mfupi inarudisha dirisha nyuma. K1 ilipandwa Machi 20 msimu wa kwanza, dirisha lake ni Mei 9 hadi Juni 8. Msimu wa pili ilipandwa Aprili 8, dirisha likawa Mei 28 hadi Juni 27. Msimu wa pili unaweza kuwa na mvua nyingi zaidi kwa jumla, lakini iwe imenyesha kabla mbegu haijaingia ardhini au kabla mmea haujafika kwenye maua.

Tarehe ya kupanda ikiwa C2 kwenye shiti ya upandaji, fomula ya mvua ya dirisha, kisha ya kuhesabu siku zilizosomwa:

```
=SUMIFS(mvua!B:B, mvua!A:A, ">="&C2+50, mvua!A:A, "<="&C2+80)
=COUNTIFS(mvua!A:A, ">="&C2+50, mvua!A:A, "<="&C2+80, mvua!B:B, ">=0")
```

Ya pili lazima itoe 31. Ikitoa pungufu, kuna siku hazikusomwa. Hii inafanya kazi tu kama siku kavu umeandika 0 na siku ambayo hukusoma umeiacha wazi. Ukijaza 0 kila penye pengo, umetengeneza ukame ambao haukuwepo. Fomula zote mbili zikitoa sifuri, shuku tarehe: zimeingia kama maandishi, na mara nyingi huonekana zimeegemea kushoto mwa seli. Kipimamvua kisiposomwa siku mbili, maji ya pamoja yaandike siku uliyosoma, ile nyingine iache wazi.

Kupanda kukichukua siku kadhaa, tumia siku nusu ya kipande ilipokamilika. Sehemu kubwa ikirudiwa kupandwa, ipe jina lake, ekari zake na mavuno yake.

Kuhusu "kwa nini", misimu miwili ya kipande kimoja haitakujibu: tarehe na mvua vimebadilika pamoja, na pengine mbolea pia. Kinachosaidia zaidi ni vipande vya mbegu moja na mbolea sawa vilivyopandwa tarehe tofauti ndani ya msimu uleule. Mvua ya angani ni ileile, madirisha tu ndiyo yanahama. Vipande vyenye dirisha kavu vikizaa kidogo msimu baada ya msimu, hapo ndipo utaanza kuilaumu mvua ya wakati wa maua.