Barua kwa mwanangu: kukataa kazi bila kufunga mlango

"Mama, ile kampuni ya mgodi ya upande wa Kolwezi imeniandikia kunipa kazi ya uhasibu, nianze tarehe 1 mwezi wa pili. Sitaweza kuikubali sasa, lakini sitaki wanisahau. Niwaandikie nini?"

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpendwa,

Nimeisoma barua yao uliyonitumia kwa picha, mpaka chini kwenye sahihi. Wamekupa hadi Ijumaa. Usingoje Ijumaa. Kwenye biro ya personeli nilikofanya kazi, tukishamchagua mtu wa kwanza, jina la wa pili tulikuwa tunaliweka kando, bila kumwambia lolote, mpaka wa kwanza atie sahihi. Na yule wa pili hakai bure, anatafuta kwingine. Ukikataa Jumanne, wanaweza bado kumpata. Ukikataa Ijumaa jioni, pengine wataanza kutafuta upya, na watakaa na hasira hiyo hata kama barua yako ina adabu namna gani.

Sasa kuna jambo unipe jibu kabla hujaandika neno moja. Kazi hii hii wakikuletea mwezi wa saba, utaikubali?

Nauliza kwa sababu simu yako ilikuwa na sababu mbili, na wewe ulizichanganya. Ya kwanza ni kontra yako ya Likasi inayoisha tarehe 30 mwezi wa sita. Ni ya muda maalumu, na ukiivunja katikati, sheria yetu ya kazi inampa mwajiri wako njia ya kukudai fidia. Tena uko katikati ya kufunga hesabu za mwaka, ambazo lazima ziwe tayari kabla ya tarehe 30 mwezi wa nne. Sababu ya pili ni kambi: wiki tatu mgodini, wiki moja nyumbani, na mtoto bado ananyonya. Zote mbili ni za kweli. Lakini ya kwanza ina tarehe ya kuisha, na ya pili haina.

Ukiandika ya kwanza peke yake, mwezi wa saba watarudi na kazi ile ile, kambi ile ile, nawe utakataa tena. Hapo ndipo mlango unapofungwa, mwanangu. Nimeona watu wakikataa mara moja, tukawaita tena baada ya muda bila shida. Aliyekataa mara mbili kwa sababu mbili tofauti, hatukumwita mara ya tatu, kwa sababu hatukujua tena anataka nini. Kwa hiyo, kama kambi ndiyo inayokuzuia, waambie ni kazi ya namna gani utakayoweza kuikubali. Wana biro hapa Lubumbashi, na wahasibu wapo pale pia. Kuhusu mtoto, usiandike. Si siri wala si aibu, lakini barua inabaki kwenye faili miaka mingi, mtoto akiwa ameshaingia shule, na anayeifungua ataendelea kusoma kwamba wewe una mtoto mchanga. Andika tu kwamba unatafuta kazi ya kukaa Lubumbashi.

Utaiandika kwa Kifaransa kama wao walivyokuandikia, lakini maana yake iwe hivi:

"Bwana Mkurugenzi, nawashukuru kwa kunichagua kwa kazi ya uhasibu mgodini. Nimefikiri vizuri, na ninalazimika kuwaambia kwamba sitaikubali. Kontra yangu ya sasa inaisha tarehe 30 mwezi wa sita, na nimewaahidi kufunga hesabu za mwaka pamoja nao. Maelezo ya mkuu wa fedha kuhusu namna mnavyofuatilia gharama za kila karakana yalinivutia sana. Kuanzia mwezi wa saba nitakuwa huru, na nitafurahi kufikiriwa kwa kazi ya uhasibu katika biro yenu ya Lubumbashi. Nawatakia kumpata haraka mtu anayefaa."

Angalia mahali lile neno "sitaikubali" lilipokaa. Liko juu, limesimama peke yake. Nakumbuka kijana mmoja aliyetuandikia ukurasa mzima wa shukrani na masikitiko. Tuliusoma watu wawili, kila mmoja akatoka na maana yake, na kazi ikakaa wazi tukidhani anaomba muda. Usiandike "kwa sasa ni vigumu". Mtu wa personeli akisoma hivyo anaelewa kwamba unataka mshahara uongezwe.

Na hilo la mshahara litakuja. Kabla ya kutuma barua, mpigie simu aliyekuandikia, umwambie kwa mdomo, kisha tuma barua pepe siku hiyo hiyo, na nakala kwa mkuu wa fedha aliyekuuliza maswali. Kwenye simu anaweza kukuambia: "Tukikuongezea je?" Jibu lako liwe tayari: "Nashukuru, lakini si jambo la pesa, ni kontra niliyonayo na mahali pa kazi." Ukisema "ngoja nifikirie", barua utakayotuma jioni itaonekana kama mchezo. Lakini kama kweli kuna kiasi cha kukubadilisha mawazo, basi usipige simu ya kukataa. Piga ya kuzungumza, hiyo ni kazi nyingine kabisa.

Mtu mwingine wa kumwambia ni mjomba wako, naye umwambie kabla yao. Yeye ndiye aliyepeleka jina lako pale. Akisikia habari kwenye korido kutoka kwa mkubwa wake, utakuwa umemwaibisha, na hatasema neno lolote juu yako mara nyingine. Mpigie jioni ya Jumatatu, umweleze sababu zote mbili, hata ya mtoto. Yeye ni wa nyumbani.

Umeniuliza pia kama uwapendekeze rafiki yako uliyesoma naye. Ukishapata ruhusa yake, ndiyo, mtaje kwenye simu ikiwa watauliza. Usimtie kwenye barua. Mwajiri wake wa sasa anaweza kuwa anajuana na hao wa mgodi, na mji huu wetu ni mdogo kwa watu wa fedha.

Ujue vizuri kwamba kazi hii yenyewe haitakungoja. Watampa mtu, na atakaa. Unachobakiza ni jina lako kwa wale wawili, mkuu wa personeli na mkuu wa fedha, nao wanaweza kuhama. Kwa hiyo mwezi wa tano, hesabu zikishafungwa, mwandikie yule wa fedha mistari mitatu: kwamba mmemaliza ndani ya muda, kwamba utakuwa Lubumbashi kuanzia mwezi wa saba, na salamu. Usiombe kazi kwenye barua hiyo. Akiwa na nafasi atakuambia mwenyewe, na asipokuwa nayo hujamsumbua.

Haya yote yanawezekana kwa sababu hujatia sahihi popote. Fungua tena karatasi zile, uangalie kama kuna hata moja uliyoirudisha na sahihi yako. Kama ipo, usitume barua hii. Nipigie kwanza, tuisome pamoja.

Nitumie maandishi yako ya Kifaransa kesho jioni, nitayasoma kabla ya kulala. Msalimie mkwe wangu, na umshike mtoto kwa niaba yangu.

Mama yako