Maswali na Majibu: Vijana na 😂

Binti yangu wa kidato cha nne anasema 😂 ni ya wazee. Hii imeanza lini? (Mama, Tabata)

Imekuja taratibu. Emoji hiyo iliingia mwaka 2010 kwenye orodha rasmi ya Unicode, shirika linalosimamia emoji duniani, na mwaka 2015 kamusi za Oxford zikaitangaza kuwa neno la mwaka. Wakati huo ilibeba kama asilimia 20 ya emoji zote zilizotumwa Uingereza, na asilimia 17 Marekani. Umaarufu huo ndio ulioiharibia. Kila mtu aliibandika kila mahali: kwenye tangazo la biashara, kwenye salamu za asubuhi, kwenye "nimefika salama 😂". Ukishaiona namna hiyo kutwa nzima, huamini tena kwamba aliyeituma amecheka kweli. Vijana wakatafuta alama yenye nguvu zaidi, ambayo wazazi wao walikuwa bado hawajaizoea.

Wakachukua mbili. Ya kwanza ni 😭, ile ya kulia kwa sauti, kwa maana ya kucheka hadi machozi yanamwagika. Ya pili ni 💀, fuvu, yaani kicheko kimeniua. Mwanzoni mwa 2021 ubishi huu ulipamba moto TikTok, na mwaka huohuo Emojipedia, tovuti ya kamusi ya emoji, ikaonyesha kuwa 😭 imeipita 😂 kwenye Twitter.

Lakini asikudanganye mtu kwamba 😂 imekufa. Mwishoni mwa 2021 Unicode walitoa takwimu za dunia nzima, na ndiyo iliyoongoza, ikiwa na zaidi ya asilimia 5 ya emoji zote, moyo mwekundu ukiifuata. WhatsApp nayo ilipoleta kuitikia ujumbe kwa emoji mwaka 2022, iliiweka miongoni mwa zile sita za mwanzo. Endelea kuitumia, mama. Mwanao hahitaji mzazi anayeandika kama wenzake wa darasani.

Na 🤣 je, inafaa? (Msomaji, Nakuru)

Kwa vijana hiyo iko kapu moja na 😂.

Nilimtumia mwanangu aliye chuoni video ya mjomba wake akianguka na kiti cha plastiki harusini. Akajibu "Mama 😭😭😭💀". Nilipiga simu nikitetemeka. Nitajuaje kama analia au anacheka? (Mama, Morogoro)

Tazama anajibu ujumbe gani kabla ya kutazama alichojibu. Ulituma kichekesho, jibu likaja papo hapo, 😭 ni tatu mfululizo na fuvu liko mwishoni. Hicho ni kicheko, tena kikubwa. Mtoto aliyepatwa na jambo huanza mazungumzo yeye mwenyewe, na mara nyingi ataweka maneno: "Mama nipigie", "Mama sina raha". 😭 ikija peke yake, bila kichekesho chochote juu yake, hapo piga simu. 😭 haikuacha kazi yake ya zamani. Kijana huyohuyo huituma akifeli mtihani au akiachwa na mpenzi, na ndiyo sababu kuisoma bila kutazama ujumbe uliotangulia hakutakusaidia.

Kwenye grupu la msiba wa baba yetu mpwa wangu ameweka 😭. Nimtoe? (Mjomba, Tanga)

Usimtoe, analia. Ambaye angestahili kukemewa ni atakayeweka 💀. Vijana, nawaambia wazi: fuvu halina nafasi kwenye msiba, hospitali wala kwenye habari ya ajali, hata kama kati yenu mnaelewana.

Na kwa kuwa umeutaja msiba, wakubwa nanyi nisikilizeni, maana hili naletewa kila wiki. 😂 si kilio. Yale machozi mawili pembeni ni ya kucheka. Angalieni mdomo, umefunguka na meno yanaonekana. Watu wanaandika "poleni sana 😂" na kumwumiza mfiwa. Hata ukibonyeza kuitikia tangazo la kifo kwenye WhatsApp, yenye chozi moja na mdomo ulioshuka ni 😢. Vaa miwani kwanza, kisha bonyeza. Bora zaidi, andika pole kwa maneno yako. Mfiwa atayasoma tena baadaye.

Nilimwambia msimamizi wangu, kijana wa miaka ishirini na kitu, kwamba ripoti aliyoipeleka kwa mteja ina kosa kwenye jumla. Kajibu 💀 tu. Ni tishio? (Mhasibu, Mombasa)

Hapana. Fuvu hutumika pia kwa aibu: nimekufa, nimeumbuka. Hapo anajicheka yeye, hakutishi wewe. Ila hujajua kama ripoti inarekebishwa, na nani anairekebisha. Mwandikie: "Niitume iliyosahihishwa leo?" Akijibu kwa fuvu lingine, mfuate mezani kwake. Hesabu za mteja zinahitaji ndiyo au hapana.

Nifundishe emoji zote za vijana ili nisipitwe. (Msomaji, Dodoma)

Hapana. 😭 na 💀 zinakutosha kuwaelewa, na wakishaona mmezishika nyote watahamia nyingine.