Daftari na stetimenti havilingani

"Wakuu, duka langu lipo Mwanjelwa, mwisho wa mwezi daftari linasema benki nina hela hii, stetimenti inasema nyingine. Nifuate ipi?"

Usifuate yoyote kwanza ndugu yangu, na usifute kitu kwenye daftari. Chukua kalamu nyekundu, tiki kila muamala ulioko pande zote mbili, ambao haujapata tiki ndo shida yako ilipo.

Mimi duka langu lipo Uyole, mwezi fulani daftari lilisoma 1,842,000 benki ikasoma 2,115,500. Kumbe nilimwandikia cheki ya 300,000 jamaa anayeniletea mchele na hajaipeleka benki, basi hiyo unaitoa upande wa benki, inabaki 1,815,500. Kwenye daftari huigusi maana ulishaiandika siku ile ulipoitoa, ukiirudia umejiumiza mwenyewe. Halafu makato ya benki 8,500 sikuyajua mpaka nilipoona stetimenti, hayo ndo unayaandika kwenye daftari, likabaki 1,833,500.

Bado tofauti 18,000, nikakuna kichwa hadi usiku na baridi ya huku unaijua. Ukiona tofauti inagawanyika kwa 9 shuku tarakimu kugeuzwa, siyo lazima iwe hivyo lakini anzia hapo. Nikatoa zile slipu za benki, kweli, nilideposit 79,000 nikaandika 97,000. Nikapunguza hiyo 18,000, pande zote zikasoma 1,815,500.

Hiyo cheki iandike pembeni, mwezi ujao uangalie kama imepita.