Mtoto aliyeachwa nje ya wasia: andikeni haki, msiandike huruma

Wadogo zangu wa staji hapa Lubumbashi, juzi nimesoma tena hati ya madai inayosema mteja "alimtegemea marehemu kwa chakula na masomo". Kurasa tatu za machozi! Hoja hiyo ni ya Kenya. Huko, kifungu cha 26 cha Sheria ya Urithi kinamruhusu jaji kumpimia mtegemezi fungu linalofaa. Kwetu Kongo, Kode ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, haimuulizi mtoto kama ana shida. Inauliza yeye ni nani kwa marehemu.

1. Anzeni na cheti cha kuzaliwa. Mtoto wa nje ya ndoa aliyetambuliwa na baba wakati wa uhai wake yuko kundi la kwanza la warithi, sawa na watoto wa ndoa. Mpwa aliyelelewa nyumbani miaka mingi hayumo, hata kama inauma. Yeye hagawani na watoto; anategemea wasia, au nafasi ya mzazi wake kama alikuwa ndugu wa marehemu na amekufa kabla yake.

2. Pigeni hesabu kabla ya kuandika. Chukueni papa mmoja wa Katuba, mjane, wazazi wake wamekufa. Madeni yakiisha kulipwa, zinabaki dola 120,000. Wasia unampa mpwa nyumba ya 60,000, na watoto watatu wa ndoa wanagawana 60,000 nyingine. Mtoto wa nne, aliyetambuliwa kwa etasivili, hakutajwa popote.

Fungu la watoto ni robo tatu, yaani 90,000, na wasia hauwezi kulimega. Marehemu alikuwa huru kumpa mpwa 30,000 tu. Kwa hiyo tribinali haifuti wasia, inaupunguza: mpwa anarudisha 30,000, na kila mtoto anapata 22,500. Mpwa akitaka kubaki na nyumba, semeni naye alipe tofauti kwa pesa.

Sasa tazameni wale watatu. Kwa wasia kila mmoja alikuwa na 20,000. Wanakuja wamekasirika, wanamwita ndugu yao mwizi, na nyinyi mnawaandikia majibu makali bila kuwaonyesha kwamba kesi yake inawaongezea 2,500 kila mmoja! Ni kweli, bila yeye wangedai 30,000 kila mmoja. Lakini cheti chake kipo, na wakimpinga watalipa mawakili bure huku mpwa akikaa ndani ya nyumba. Waiteni mezani wote wanne, andikeni hesabu kwenye karatasi mbele yao.

3. Kesi inaanza tribinali ya amani, na likidateri, msimamizi wa kugawa urithi, aitwe.

4. Siku hiyohiyo nendeni kwa konservateri wa hati za ardhi mkaulize parseli iko kwa jina la nani. Mpwa akishapata cheti kipya cha uandikishaji, miaka miwili ikipita, sheria ya ardhi ya 1973 inakifanya kisichoshambulika. Hapo mtoto anabaki kudai fidia kwa mtu ambaye pengine ameshauza na kuhamia Kolwezi.