Macho kwenye mstari wa juu: jinsi ya kumpanga mtu ndani ya fremu

Mwezi wa nane, miaka kadhaa iliyopita, wakulima wa zabibu wa huku Hombolo, Dodoma, waliniomba nikawashutie video fupi ya mavuno. Nilikuwa na simu, stendi moja na hamu kubwa. Nikamfuata mzee mmoja kutwa nzima katikati ya mistari ya mizabibu, jioni nikarudi mjini na dakika 40 za video. Dada ninayefanya naye kazi ya kuhariri alifungua klipu ya kwanza, ya pili, ya tano, kisha akanigeukia: "Kaka, mbona zote ni picha moja?"

Alisema kweli. Kila klipu ilimwonyesha mzee kuanzia kitovuni kwenda juu, kichwa kimewekwa katikati kabisa ya fremu, na juu yake anga tupu. Alipokohoa katikati ya maelezo tulitaka kukata kile kikohozi, lakini kila tulipounganisha vipande viwili kichwa chake kiliruka. Hatukuwa na kitu cha kufunikia ule mruko. Sikuwa nimeshuti mikono yake, wala shamba, wala zabibu zenyewe. Wiki iliyofuata nilirudi Hombolo, na mambo niliyoyafanya siku hiyo ya pili ndiyo ninayomfundisha kila kijana anayenijia na simu mkononi.

Kabla ya yote, washa gridi. Kwenye mipangilio ya kamera ya simu tafuta palipoandikwa "Grid" au "Grid lines". Utaona mistari miwili ya kusimama na miwili ya kulala, inayogawa fremu katika theluthi, na inapokutana inafanya pointi nne. Mistari hiyo haitokei kwenye video, ni ya macho yako tu.

Tulianza saa moja asubuhi. Baada ya shikamoo na "Mbukwenyi", nilimwomba mzee aendelee na kazi yake kama kawaida, nami nikaenda kusimama mwisho wa mstari wa mizabibu kushuti picha ya mbali. Picha ya mbali inamjibu mtazamaji swali moja: huyu mtu yuko wapi? Kwa hiyo mtu mwenyewe awe mdogo. Nilimwacha mzee achukue kama theluthi moja ya kimo cha fremu, amesimama kwenye mstari wa kushoto, akitembea kuelekea kulia ambako mizabibu na nguzo zake zinaendelea. Zile theluthi mbili za kulia ndimo anamokwenda, na macho ya mtazamaji yanamtangulia humo.

Kisha kuna upeo, pale ardhi inapokutana na anga. Wanaoanza huuweka katikati, na picha inakuwa nusu udongo nusu anga, mtazamaji hajui aangalie wapi. Amua kinachosimulia. Agosti huku kwetu anga ni jeupe na halina mawingu ya kutazama, wakati shamba limejaa mashada, kwa hiyo nilipandisha upeo hadi mstari wa juu na ardhi ikachukua theluthi mbili. Ningekuwa nashuti Februari, mawingu ya mvua yanapopanda juu ya vilima, ningefanya kinyume. Kwa kweli kanuni ya theluthi ilianzia kwenye mandhari, si kwenye sura za watu: mchoraji Mwingereza John Thomas Smith aliieleza mwaka 1797 alipoandika kuhusu kugawa ardhi na anga katika mchoro. Sisi tumeihamishia kwa watu kwa sababu inafanya kazi.

Kutoka hapo nilisogea hadi kama mita moja na nusu kutoka kwa mzee, nikashuti picha ya kati. Hii inajibu swali la anafanya nini. Alikuwa ameshika shada kwa mkono wa kushoto na mkasi kwa mkono wa kulia, akikata kikonyo na kuliweka shada ndani ya kreti. Ili kazi yote ionekane nilimkata katikati ya paja. Usimkate mtu penye kiungo: shingoni, kiwiko, goti, kifundo cha mguu. Ukimkatia gotini anaonekana kama mguu umeishia hapo. Ukimkatia katikati ya paja au katikati ya kifua, akili ya mtazamaji inaumalizia mwili yenyewe bila kusumbuka.

Sasa tufike pale ninapoona wengi wanaumia, kwenye nafasi ya juu ya kichwa. Utaambiwa acha nafasi kidogo, isiwe nyingi, isiwe finyu. Kidogo kiasi gani? Mimi nimeacha kabisa kuipima nafasi hiyo. Ninaweka macho kwenye mstari wa juu wa gridi, na nafasi ya kichwani inajipanga yenyewe.

Chukua simu uilaze, tuseme kioo chake kina kimo cha sentimita 7. Mstari wa juu uko kama sentimita 2.3 kutoka ukingo wa juu. Macho ya mtu mzima yako karibu nusu ya kimo cha kichwa chake. Ukimshuti kuanzia kifuani na kichwa kikachukua sentimita 3 za kioo, kutoka machoni hadi utosini ni sentimita moja na nusu, kwa hiyo juu ya kichwa inabaki nafasi nyembamba kama unene wa kidole kidogo. Hiyo ndiyo inayotakiwa. Sasa msogelee hadi kichwa kichukue sentimita 5. Kutoka machoni hadi utosini ni sentimita 2.5, na mstari una 2.3 tu, kwa hiyo utosi unakatika kidogo. Iache hivyo hivyo. Katika picha ya karibu utosi ukikatika hakuna anayeona, lakini ukikata kidevu kila mtu anaona, maana kidevu ndicho kinachocheza mtu anapozungumza. Kosa langu la siku ya kwanza lilikuwa kuweka macho katikati ya fremu, na ndiyo maana mzee alionekana kama anazama.

Mzee alikuwa amevaa kofia pana. "Nivue, mjukuu wangu?" akaniuliza. Nikamwambia, "Hapana babu, kaa nayo." Kofia ni sehemu ya mtu shambani. Nilipima kwa macho yake vilevile, na ncha ya kofia ikakatika juu, ikawa sawa.

Mahojiano tuliyafanya kwenye kivuli. Nilikaa kushoto mwa simu, bega langu karibu ligusane na stendi, lenzi ikiwa usawa wa macho yake. Alipokuwa akinitazama mimi, uso wake ulielekea kushoto kwa fremu. Hapo kuna kosa ambalo nililifanya kwanza: nilimweka kwenye mstari wa kushoto. Pua yake ikawa karibu kugusa ukingo, nyuma ya kisogo kukabaki uwanja mkubwa usio na kazi, akawa kama mtu anayeongea na ukuta. Nikageuza simu kidogo tu hadi akaangukia kwenye mstari wa kulia, na nafasi ikafunguka mbele ya uso wake. Nafasi hiyo ya mbele ni ya maneno yake na ni ya mtu anayemsikiliza, hata kama msikilizaji haonekani. Kwa hiyo macho yanachagua mstari wa juu, na pua inachagua mstari wa pembeni: pua ikielekea kushoto, mtu akae kulia.

Isipokuwa pale anapozungumza na lenzi moja kwa moja, kama msomaji wa habari. Huyo mweke katikati, kwa sababu anayeongea naye ni mtazamaji aliye mbele yake. Na ukishuti kwa simu iliyosimama, pembeni hakuna nafasi ya kutosha kumsukuma mtu, basi mgeuze uso uelekee zaidi kwenye lenzi na umweke karibu na katikati. Mstari wa macho unabaki ule ule wa juu.

Nilipotaka kuanza kurekodi nikaona kitu kingine. Waya unaobeba mizabibu ulipita nyuma ya mzee usawa wa shingo, kana kwamba umemkata. Nilishusha stendi kama kiganja kimoja, waya ukahamia kwenye kifua. Kagua kila mara kilichoko nyuma ya kichwa: waya, nguzo, upeo wa ardhi. Ukisogeza simu sentimita chache kinahama.

Picha ya karibu ya uso niliishuti wakati anaeleza mwaka ambao mvua ilikata mapema na mizabibu ikakauka. Usiipate kwa kumsukumia simu usoni. Lenzi ya kawaida ya simu ikiwa nusu mita kutoka usoni, pua inavimba na masikio yanarudi nyuma, kwa sababu pua iko karibu na lenzi kuliko masikio kwa kiasi kikubwa. Kaa kama mita moja na utumie lenzi ya "2x" kama simu yako inayo. Kama haina, baki hapo hapo na uridhike na picha ya kuanzia kifuani, maana kuvuta picha kwa vidole kwenye simu nyingi kunaipunguzia tu ubora.

Ninapobadilisha ukubwa wa picha ninabadilisha na mahali pa kusimama. Ukiwa mita tatu kutoka kwa mtu, piga hatua mbili kwenda pembeni kabla ya kushuti inayofuata. Hiyo ni kama nyuzi 30, na inatosha kufanya picha mbili zionekane ni mbili zinapounganishwa. Ukibaki palepale na kusogeza kidogo tu, utapata mruko ule ule uliotusumbua.

Mwisho nilishuti mikono. Shada nililiweka kwenye pointi ya chini kushoto pale mistari inapokutana, nikaacha kulia wazi, kwa sababu mkasi ungeingia kutokea kulia. Nafasi ya mbele haihusu nyuso tu. Mkono nao unahitaji mahali pa kutokea. Nilishika simu bila kuisogeza kwa sekunde 10 nzima: mkono ukaingia, vidole vilivyopakaa maji ya zabibu vikatafuta kikonyo, mkasi ukafunga, shada likatoka nje ya fremu na majani yakabaki yanatikisika.

Usiku ule dada alifika kwenye klipu ya mahojiano, na mzee akakohoa tena palepale anapoeleza kuhusu mvua. Dada akakikata kikohozi, akaweka ile picha ya mikono juu ya maungio ya vipande viwili, sauti ya mzee ikaendelea chini yake. Mkasi ulifunga sawia na neno "ikakauka". Akairudisha nyuma akaitazama tena, mara tatu, kisha akaenda kwenye klipu inayofuata.